Namna ya Kumwomba Radhi Katibu wa Rugu Uliyemwita Katibu wa Rugera

Hongera, barua pepe yako imefika. Umetangaza turubai zako za kuanikia kahawa kwa vyama vya msingi vya ushirika vya Wilaya ya Karagwe, kata zote 23, kwa mkupuo mmoja, kabla hata chai yako haijapoa. Na sasa, huko Rugu, katibu wa chama ameshika simu anasoma kwamba yeye ni katibu wa Rugera, kwamba ana jina ambalo wazazi wake hawakumpa, na kwamba msimu uliopita chama chake kilinunua kwako turubai 60 na malipo ya awali yalipokelewa kwa shukrani. Chama chake hakijawahi kununua kwako hata kamba ya kufungia turubai.

Mwongozo huu ni wako. Muuzaji ninayemzungumzia ni wa mfano tu, na chama cha Rugu hapa ni chama chochote. Rugu na Rugera zenyewe ni kata mbili za kweli, na fomula iliyozichanganya ni ya kweli pia. Huenda ipo kwenye kompyuta yako hivi sasa, imetulia, inasubiri msimu.

Tuanze na hatua ambayo kila mtu huifanya bila kufundishwa: kujaribu kuirudisha barua. Gmail inakupa nafasi ya kughairi, lakini ni sekunde 5 ukiiacha kama ilivyo, na sekunde 30 ukienda kwenye mipangilio kuziongeza. Wewe uligundua kosa baada ya saa nzima, kwa hiyo hesabu hiyo imekupita. Outlook nayo ina kitufe cha kuita ujumbe urudi, na kitufe hicho hufanya kazi pale wewe na uliyemwandikia mnapokuwa ndani ya mfumo wa ofisi moja. Katibu wa Rugu hayumo katika mfumo wa ofisi yenu. Anatumia Gmail kwenye simu yake mwenyewe. Kitakachomfikia, kama kitafika kitu, ni ujumbe wa pili unaotangaza kwamba unataka kuufuta wa kwanza, na huo ndio utakaomfanya aufungue wa kwanza kama alikuwa bado hajausoma. Ukitaka barua isomwe kwa makini na watu wote, iombe irudi.

Basi acha. Nenda kwenye jedwali lako ukatazame ulichofanya, maana hujui bado umekosea kwa nani. Unadhani unajua, kwa sababu tayari watu kadhaa wamekujibu wakikucheka. Hao wanaocheka sio shida yako.

Jedwali lako lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una kata zote 23 na anwani za vyama. Ukurasa wa pili, uliouita Vyama, una wateja wako wa msimu uliopita, nao ni wanne tu: Kayanga, Kihanga, Nyakahanga na Rugera, wamepangwa kwa alfabeti, kila mmoja na jina la katibu, idadi ya turubai na bei aliyouziwa. Ulitaka barua ijaze yenyewe mambo yote matatu. Kwa jina la katibu uliandika hivi, na kwa idadi na bei ukabadilisha tu namba ya safu:

```
=VLOOKUP(A2,Vyama!$A$2:$D$5,2)
```

Fomula hiyo inaonekana haina neno, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Haikuambiwa itafute kata hiyo na hiyo peke yake. Usipoiwekea neno la nne mwishoni, VLOOKUP huchukulia kwamba unaridhika na jirani: ikikosa jina unalolitafuta, inachukua lile lililo nyuma yake kwa alfabeti, kisha inakaa kimya. Rugu haimo kwenye ukurasa wa wateja. Rugera imo, na kwa alfabeti Rugera inatangulia Rugu. Basi katibu wa Rugu akapewa jina la katibu wa Rugera na turubai zake 60.

Fuata alfabeti uone wengine walivyogawiwa. Kibondo amepewa jina la Kayanga. Kiruruma, Kituntu, Ndama, Nyabiyonza, Nyaishozi na Nyakabanga wote sita wamebatizwa Kihanga. Nyakakika na Nyakasimbi wamekuwa Nyakahanga, jambo ambalo mgeni angeweza kulifanya hata bila kompyuta, kwa kweli. Ukijumlisha na Rugu, watu 10 wamepokea barua safi, yenye jina kamili la mtu, idadi kamili ya turubai, na uongo mtupu.

Kisha kuna tisa ambao majina yao yanaanzia kabla ya Kayanga: Bugene, Bweranyange, Chanika, Chonyonyo, Igurwa, Ihanda, Ihembe, Kamagambo na Kanoni. Hao hawakuwa na jirani wa nyuma wa kuazima. Fomula ikashindwa, ikaandika alama yake ya kushindwa, na barua zikaenda hivyo hivyo: «Ndugu #N/A, tunakushukuru kwa kununua turubai #N/A.»

Sasa ona maajabu. Hawa tisa ndio waliokujibu. Ndio waliokutumia picha ya skrini na vikatuni vya kucheka machozi. Kwa hiyo ndio unaowaona, ndio wanaokuumiza moyo, na ndio unaotaka kuwaandikia radhi ya kurasa mbili. Lakini ni nani hapa duniani atakayeamini kwamba chama chake kilinunua turubai #N/A? Barua yao inajikana yenyewe. Kwao mstari mmoja unatosha: «Barua yetu ya leo ilitoka na makosa ya kompyuta, ipuuze, samahani.» Wale kumi hawajajibu neno. Wanajiuliza. Wasiwasi wako wote uhamishie kwao.

Kama orodha yako ni ndefu kuliko ya mfano huu na huwezi kuifuata kwa kidole, weka safu mpya na uiulize fomula hiyo hiyo ilipata kata gani hasa:

```
=VLOOKUP(A2,Vyama!$A$2:$D$5,1)=A2
```

Penye TRUE barua ilikuwa sahihi. Penye FALSE mtu alipewa jina la jirani. Penye #N/A ni wachekaji. Chapa orodha ya FALSE kwenye karatasi, kwa sababu kuanzia hapa kazi ni ya mkono. Najua unataka kutuma radhi kwa mkupuo kama ulivyotuma tangazo, kwa kutumia jedwali lile lile. Fanya hivyo tu kama umedhamiria kumwita katibu wa Rugu kwa jina lisilo lake mara ya pili, ndani ya barua inayosikitika kwamba ulimwita hivyo mara ya kwanza.

Kabla ya kuandika, elewa ulichomfanyia huyu mtu, maana hapo ndipo waomba radhi wengi hupotea. Wao hudhani kosa ni jina. Jina linakera, ndiyo, lakini mtu mzima huvumilia kuitwa vibaya, wengine tumezoea. Kilicho kizito ni zile turubai 60.

Chama cha msingi si duka la mtu. Fedha yake ni ya wanachama, ina bodi inayoisimamia, ina mkutano mkuu ambao mkulima yeyote mwenye kadi anaweza kusimama na kuuliza, na hesabu zake hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, huku Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikitazama kwa juu. Barua yako inasema chama cha Rugu kilinunua turubai 60. Mwanachama wa kawaida atauliza swali moja rahisi: ziko wapi? Hazipo stoo. Hazipo kwenye leja. Na wewe umeandika, kwa maandishi na kwa nembo ya kampuni, kwamba fedha ulipokea. Hapo katibu anaweza kuapa mpaka jioni.

Tena ukaandika «malipo ya awali». Kwako wewe hiyo ni arubuni ya mteja. Kwa mkulima wa kahawa wa Karagwe, malipo ya awali ni jina la fedha aliyokuwa akipewa yeye pale alipopeleka kahawa ya maganda chamani, kabla hesabu ya mnada haijafungwa. Barua yako ikisomwa kwa sauti mbele ya wakulima kumi, saba watasikia kwamba fedha yao imekwenda kununua turubai ambazo hakuna aliyeziona. Na itasomwa kwa sauti. Itapigwa picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp, na picha haina sehemu ya kujibu. Radhi yako itabaki kwenye Gmail ya katibu huku barua yako ya kwanza ikipanda na kushuka vilima.

Kwa hiyo unachopaswa kumpa katibu ni hati. Majuto yako hayamsaidii, hata yakiwa ya dhati. Anataka karatasi atakayoitoa mfukoni mtu akimuuliza, yenye maneno yanayomwosha, na iliyosainiwa na yule yule aliyempaka matope.

Ukilikubali hilo, utaona kwa nini radhi inayoandikwa na ofisi nyingi haifai kitu. Unaijua. Ninaweza kuiandika nikiwa nimefumba macho:

«YAH: KUOMBA RADHI KWA USUMBUFU ULIOJITOKEZA

Mpendwa Mteja Wetu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutokana na changamoto za kimfumo zilizo nje ya uwezo wetu, baadhi ya wadau walipokea ujumbe ambao huenda haukuwahusu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Aidha, tunachukua fursa hii kukukumbusha kwamba ofa yetu ya turubai inaendelea hadi mwisho wa mwezi. Wote mnakaribishwa.»

Kazi nzuri. Barua hii imemwita mteja mtu ambaye shida yake yote ni kwamba si mteja. Akiionyesha kwenye bodi atakuwa ameongeza ushahidi dhidi yake. Imesema «baadhi ya wadau» bila kusema kama Rugu ni mmojawapo. Imesema ujumbe «huenda» haukumhusu, yaani huenda pia ulimhusu. Usumbufu umejitokeza wenyewe, kama uyoga. Na mwishoni, mtu akiwa bado anajipangusa, ameuziwa turubai.

Sasa andika nyingine. Lakini piga simu kwanza. Barua pepe ya chama inaweza kukaa siku tatu haijafunguliwa, hasa msimu ukishafunguliwa na katibu akawa kwenye mizani kutwa. Simu ni ya kumwahi kabla habari haijafika kwa wengine, na ni ya kumuuliza jina lake. Usilisikilize tu, mwombe akuandikie. Katika majina ya Kagera, l na r hubadilishana viti kutoka familia hadi familia, na Mutalemwa hatafurahi kuandikwa Mutaremwa kwenye barua ya kusahihisha jina. Kama huwezi kumpata, «Ndugu Katibu» ni salama kuliko kubahatisha, na neno Ndugu lina faida kwamba halimbagui mwanamke na mwanamume. Salamu kwenye simu usizifupishe. Mtu anayepiga kutoka mjini na kuanza moja kwa moja na «nilikuwa naomba ile barua uifute» ameomba vitu viwili vibaya kwa pumzi moja. Mwamkie, muulize habari za nyumbani na za kahawa, ndipo useme umekosea.

Kisha hati yenyewe:

«SAHIHISHO: barua yetu ya tarehe 3 Juni haikihusu chama chenu

Ndugu Katibu,

Tarehe 3 Juni, saa 3:10 asubuhi, tulikutumia barua yenye kichwa "Turubai za msimu mpya". Barua hiyo ilikutaja kwa jina lisilo lako, na ilisema kwamba chama chenu kilinunua turubai kwetu na kutulipa fedha. Si kweli. Chama chenu hakijawahi kununua kitu chochote kwetu wala kutulipa fedha yoyote.

Kosa ni letu. Tulichanganya kumbukumbu za wateja wetu kabla ya kutuma. Tunakuomba radhi wewe, bodi na wanachama.

Tunaomba uifute barua ile kwa kuwa ina taarifa za watu wengine. Hii unaweza kumwonyesha yeyote atakayeuliza.»

Chini weka jina lako, cheo chako na namba ya simu ambayo wewe mwenyewe unaipokea. Basi. Imekwisha.

Angalia mambo machache ndani yake. Kichwa kimebeba habari yote, kwa sababu kwenye simu kichwa na maneno machache ya mwanzo ndivyo vinavyoonekana kabla mtu hajagusa. Sentensi ya kukana ni fupi na haina «huenda», ili mjumbe wa bodi mwenye haraka aipate kwa jicho moja. Fomula haikutajwa. Nakuomba sana usimweleze katibu habari za VLOOKUP. Aya tatu kuhusu safu na alfabeti zitasomwa kama mtu anayejitetea, na kwa kweli ndicho utakachokuwa unafanya. Na barua nzima inaingia kwenye skrini moja au mbili za simu, yaani inaweza kupigwa picha na kuwekwa kwenye kundi lile lile la WhatsApp ambako ile ya kwanza ilikwenda. Akitaka karatasi, ataichapa steshenari Kayanga kwa bei ya ukurasa mmoja. Usimfanye achape kurasa tatu kwa fedha yake.

Kuna mtego mmoja nimewaona watu makini wakiuingia. Wanasikia kwamba sahihisho litumwe kama jibu la barua ile ile ili vyote vikae pamoja. Wanabonyeza jibu, wanaandika maneno mazuri, wanatuma. Kumbe chini, nyuma ya vidoti vitatu, barua ya kwanza yote imebebwa tena: jina la katibu wa Rugera, turubai zake, bei yake. Umeomba radhi kwa kuvujisha taarifa na umezivujisha tena ndani ya radhi. Sahihisho letu lina kichwa chake, kwa hiyo bora uliandike kama barua mpya; ukichagua kujibu hata hivyo, fungua vidoti na ufute kila kilicho chini kabla ya kutuma.

Jambo hilo linatupeleka kwa mtu ambaye hukuwa umemfikiria kabisa, katibu wa Rugera. Yeye barua yake ilikuwa sahihi, jina sahihi, idadi sahihi. Ameisoma, ameridhika, ameendelea na shughuli zake. Hajui kwamba jina lake na biashara ya chama chake vimekwenda Rugu. Atajua siku watakapokutana Kayanga na mwenzake akamuuliza turubai zake anapata kwa bei gani, huku anaijua. Huyu anahitaji barua yake peke yake, tofauti na ya Rugu, inayosema taarifa gani zake zilitoka, zilikwenda kwa nani na lini, na umefanya nini kuzizuia. Vivyo hivyo Kihanga, ambaye mambo yake yamesambazwa kwenye kata sita, na Nyakahanga na Kayanga. Kwa hesabu hiyo barua za kweli ulizonazo ni 14: kumi za waliopokea na nne za waliovujishwa. Wale tisa wa #N/A wana mstari wao mmoja.

Hapo usidhani ni adabu peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Jina la mtu na namba yake ya simu ni taarifa binafsi hata kama zilikaa kwenye jedwali la turubai. Kama barua zilibeba namba za simu za makatibu, usilimalize jambo hilo jikoni kwa barua tamu. Mpelekee siku hiyo hiyo mtu anayeshughulikia sheria hiyo katika kampuni yenu. Kama kampuni yenu haina mtu kama huyo, sasa mnajua mnatakiwa kuwa naye.

Vipi kuhusu chama kikuu? Vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa viko chini ya KDCU, makao yake Kayanga. Bukoba kuna KCU, chama kikuu kingine, chenye ofisi yake na wakulima wake. Herufi moja tu. Kama barua yako ya kwanza ulimnakili meneja wa KDCU, basi sahihisho lazima limfikie pia, la sivyo ofisini kwake patabaki karatasi inayosema Rugu ilinunua turubai na hapatakuwa na inayosema haikununua. Na kama kwa bahati mbaya ulimwandikia wa Kayanga ukamshukuru kana kwamba ni wa KCU, ombi lako la radhi liwe fupi na la haraka, na usijaribu kuchekesha kwa kusema mnafanana. Fikiria Yanga aandikiwe barua ya kupongezwa kwa ubingwa wa Simba, halafu aongezewe kwamba zote ni timu za Kariakoo.

Lakini si kila kosa linastahili haya yote. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012, na bado kuna orodha za wafanyabiashara zinazoiweka Nkwenda au Murongo ndani ya Karagwe kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiandika hivyo, sahihisha kwenye jedwali na uendelee. Barua ya kuomba radhi kwa jina la wilaya itamfanya mtu arudi kusoma barua ambayo alikuwa ameshaisahau. Vivyo hivyo ukikosea herufi moja ya jina na mtu mwenyewe hakulalamika. Mimi hujiuliza kitu kimoja tu: je, kuna mtu mwingine anayeweza kuisoma barua hii akaamini jambo la uongo juu ya huyu? Kama yupo, andika hati. Kama hayupo, andika jina vizuri safari ijayo.

Halafu rekebisha ile fomula, maana mwezi ujao utatuma tena:

```
=VLOOKUP(A2,Vyama!$A$2:$D$5,2,FALSE)
```

Neno hilo la mwisho linaikataza kuazima jirani. Sasa kata 19 zote ambazo si wateja zitakuandikia #N/A, jedwali litaonekana bovu kuliko awali, na utashawishika kulificha kwa rangi nyeupe. Usifanye hivyo. Ichuje mistari hiyo, uiandalie barua nyingine isiyomshukuru mtu kwa kitu ambacho hakukifanya, kisha ujitumie mwenyewe ile ya Rugu na uisome kama vile wewe ndiye katibu. Unapochagua barua ya majaribio usichague ya mstari wa kwanza. Kila mtu hujaribu mstari wa kwanza, ndiyo maana makosa huishi katikati. Chagua ya mwisho kabisa. Kwa alfabeti ya Karagwe, ya mwisho ni Rugu.

Limebaki jambo la zawadi. Utasikia hamu ya kumpelekea katibu turubai moja ya bure «kwa usumbufu». Nakusihi utulie. Mtu ambaye jana ulimwandika kwamba alinunua turubai zisizoonekana, leo anaonekana na turubai mpya kutoka kwako, nyumbani kwake, bila risiti. Hata TAKUKURU wasingekuwa na haja ya kutumia akili nyingi. Kama ni lazima utoe kitu, kipe chama, kwa hati ya makabidhiano, na bodi ikiwepo. Bora zaidi usitoe.

Na ikitokea, kama hutokea, kwamba katibu amepokea sahihisho lako, amelisambaza, moyo umetulia, na wiki mbili baadaye anakuandikia kuuliza turubai ni shilingi ngapi, usikimbilie kumtumia bei yako ya kawaida. Kumbuka barua ile ya kwanza ilikuwa na bei ya Rugera, naye ameisoma zaidi ya mara moja. Ama umpe hiyo hiyo, ama uwe na sababu inayoweza kusemwa mbele ya bodi yake: idadi ndogo, au nauli ya gari. Mtajie idadi, mtajie nauli, muwekee kwenye ankara yenye jina la chama cha Rugu, na kabla ya kuituma mpe mtu mwingine ofisini aisome kwa sauti.